Kuomba bei ya kuprinti 3D kwa barua pepe: vishikio vinne vya beringi ya 608

*"Nipo Wete. Najitengenezea vipima upepo viwili vya kuweka juu ya paa, kimoja kwangu na kimoja kwa jirani. Nimechora kishikio cha kubebea beringi ya 608, viwili kwa kila kipima upepo, kwa hiyo nahitaji vinne. Sina printa ya 3D, nikaziandikia karakana tatu: 'Naomba bei ya vipande 4, plastiki imara, usahihi 0.01 mm, faili la STL nimeambatanisha.' Ya kwanza haikujibu, ya pili imenirudishia maswali mengi, ya tatu imetaja bei ya kutisha. Niandike vipi?"*

Tuanze na hiyo 0.01, maana ndiyo iliyokuharibia zaidi kuliko yote.

Nadhani najua ilikotoka. Beringi ya 608 ina kipenyo cha nje cha milimita 22, tundu la ndani la milimita 8 na unene wa milimita 7. Pete yake ya nje ni chuma kilichosagwa, na kosa linaloruhusiwa kwenye hiyo 22 halifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Mtu akiiona namba hiyo, ni rahisi kudhani kwamba tundu litakaloipokea nalo lazima liwe na usahihi huohuo. Sivyo. Printa ya kawaida ya nyuzi huyeyusha plastiki, huitoa kwenye ncha yenye tundu la milimita 0.4, na kuipanga tabaka juu ya tabaka. Mashine iliyotunzwa vizuri hukosea kiasi cha milimita 0.2 huku au kule. Fundi akisoma 0.01 ana njia tatu tu: anyamaze, akuulize umekusudia nini, au akupigie bei ya kazi ya kukereza kwenye mashine ya chuma. Wewe umepata zote tatu.

Lakini usije ukaondoa namba hiyo ukaacha patupu, kwa sababu tundu la kuprinti lina tabia yake: karibu kila mara hutoka dogo kuliko lilivyochorwa. Ncha inapozunguka kwenye duara, plastiki laini inayoivuta nyuma yake hujikata kona na kuingia ndani kidogo, kama kamba unayoiburuta kuzunguka nguzo. Kisha plastiki ikipoa hunywea. Na kabla ya yote hayo, faili lako lenyewe linaweza kuwa limeshaiba kipimo. STL haijui duara. Inajua vipande vilivyonyooka tu. Ukilihifadhi kwa ubora wa chini na tundu la 22 likawa na pande 24, umbali kati ya pande mbili zinazotazamana ni 21.81. Umepoteza karibu milimita 0.2 na mashine haijawashwa. Ongeza mnyweo wa plastiki, na tundu la 22.00 likitoka 21.6 au 21.7 usishangae. Beringi haitaingia hapo bila nyundo, na nyundo itapasua pete.

Kwa hiyo badala ya usahihi wa jumla, mwambie fundi kitu gani kinaingia wapi, na kinaingia kwa namna gani. Kwa kishikio chako ningeandika hivi: beringi iingie kwa kusukumwa na dole gumba, bila nyundo. Kwa namba, tundu likishatoka mashinani liwe kati ya 22.05 na 22.25. Nafasi hiyo fundi wa nyuzi anaweza kuifikia akijaribu kwanza kipande kidogo. Usitake beringi ibane sana. Plastiki inayobana chuma huku ikipigwa jua hulegea taratibu, na kilichobana mwezi huu kitacheza baada ya miezi kadhaa. Ni bora iingie kwa ulaini, ikae juu ya ukingo mdogo chini ya tundu, na uishike kwa matone mawili ya gundi ya epoksi.

Hapa kuna mtego ambao barua nyingi huanguka. Baadhi ya wachoraji huongeza tundu wenyewe hadi 22.2, kwa kuwa wamesikia kwamba matundu hunywea. Fundi naye, kwa uzoefu wake, huongeza 0.2 bila kusema. Tundu linatoka limepwaya, na kila mmoja anaamini amefanya vyema. Andika waziwazi nani anarekebisha. Ushauri wangu: acha mchoro kwenye 22.00 kamili na umwachie fundi, kwa sababu yeye ndiye anayeijua mashine yake na uzi wake wa plastiki.

Kuna kipimo cha pili ambacho huenda hukukifikiria, nacho kwa kazi yako ni muhimu kuliko kipenyo chenyewe: umbali kutoka uso wa bamba linalofungwa kwenye mlingoti hadi katikati ya tundu. Shafti moja inapita katika vishikio viwili, cha juu na cha chini. Vyote viwili vikiwa vifupi kwa milimita 0.3, hakuna kitakachoharibika. Shafti itasogea karibu na mlingoti na kubaki wima. Lakini kimoja kikiwa kifupi kwa 0.3 na kingine kirefu kwa 0.3, na kati yao kuna milimita 150, shafti imelala karibu robo ya digrii. Ni kidogo kwa macho, lakini beringi za aina hii hazipendi kupindwa hivyo. Vikombe vinavyoshika upepo vitakuwa vizito kuanza kuzunguka kwenye upepo mdogo, na utadhani kasoro iko kwenye sumaku ya kuhesabia mizunguko au kwenye hesabu zako. Dawa yake haina gharama: omba vishikio vyote vinne viprintiwe pamoja, kwenye kitanda kimoja cha printa, vikiwa vimelala upande mmoja. Hapo kosa la mashine litakuwa lilelile kwa vyote.

Sasa plastiki. "Imara" haimwambii fundi kitu, kwa kuwa plastiki moja inaweza kuwa ngumu mkononi ikawa laini juani. PLA, ambayo ndiyo karakana nyingi huitumia usipotaja chochote, ni ngumu na hutoka na vipimo vizuri, ila huanza kulegea ikifika nyuzi joto 60 hivi. Bati la paa saa saba mchana wakati wa kaskazi linaweza kufika hapo. Kishikio hakitayeyuka, kitainama polepole kwa uzito wa vikombe, na siku moja utakikuta kimetazama chini. PETG huvumilia hadi karibu nyuzi 80. ASA hufika karibu 100 na imetengenezwa mahsusi kukaa juani bila kuwa kavu na kupasuka. ABS ina joto linalokaribiana na la ASA lakini jua huiharibu isipopakwa rangi. Kwako ASA ndiyo chaguo la kwanza, nyeupe, kwa sababu nyeupe haishiki joto kama nyeusi.

ASA ina bei yake, na ni haki kuijua kabla ya kulalamika. Hunywea takriban nusu ya asilimia inapopoa, pembe zake hupenda kujinyanyua kutoka kitandani, na inahitaji printa iliyofunikwa pande zote. Si kila karakana inayo. Ndiyo maana utaje na chaguo la pili: PETG nyeupe inakubalika, PLA haikubaliki. Mstari huo mmoja unampunguzia fundi barua mbili za kuulizana. Na sababu usiifiche. Ukisema kinakaa juu ya paa, juani, penye upepo wa chumvi, fundi mzuri anaweza kukupendekezea kitu ambacho hukukijua.

Upande wa kulaza kipande kwenye kitanda ndio sehemu ambayo wapenzi wa kazi hii huiacha kabisa, nami ningependa uielewe vyema. Kipande cha kuprinti kina nguvu kama mbao: kikivutwa kufuata nyuzi zake ni kigumu, kikivutwa kutenganisha tabaka na tabaka hupasuka kwa nguvu ndogo zaidi. Kishikio chako kina umbo la herufi L: mkono wa milimita 60 wenye pete mwishoni, na bamba lililosimama linalofungwa kwenye mlingoti kwa skrubu nne. Kinaweza kulazwa kwa namna mbili, na kila namna inatoa kitu na kuchukua kitu.

Ukikilaza ubavu, ile L ikichorwa sakafuni kama kwenye karatasi, kila tabaka linapita mkononi na kuendelea hadi kwenye bamba bila kukatika. Kona inakuwa na nguvu kuliko namna nyingine yoyote. Lakini tundu la beringi sasa limelala kama mdomo wa bomba lililolazwa chini. Juu ya tundu plastiki inapita hewani, inashuka kidogo, na duara linakuwa yai. Tena pete imejengwa kwa matabaka yanayoikata, hivyo beringi ikibana kidogo tu inaisukuma ipasuke palepale tabaka zinapokutana.

Ukikilaza mkono chini na mdomo wa tundu ukatazama juu, duara huchorwa kwa mwendo wa ncha yenyewe, hutoka la mviringo kweli, na nyuzi za plastiki huizunguka pete kama mikanda ya chuma kwenye pipa. Ule ukingo mdogo wa kuzuia beringi uko chini, kwa hiyo hauhitaji nguzo za kuushikilia. Hata ile tabia ya tabaka la kwanza kutanuka kidogo kwa kubanwa na kitanda huangukia kwenye ukingo, si pale beringi inapokaa. Unachopoteza ni kona: bamba linasimama tabaka juu ya tabaka, na uzito wa vikombe unajaribu kuling'oa kutoka mkononi.

Kwa kazi yako nachagua namna hii ya pili bila kusita, kwa sharti kwamba uibadilishe kona kwenye mchoro kabla ya kutuma. Vikombe, shafti na beringi havizidi gramu mia kadhaa, kwa hiyo kona inaokoka kwa unene: bamba liwe na milimita 6, kati ya bamba na mkono weka ubavu wa pembetatu, na kona ya ndani uizungushe badala ya kuiacha kali. Pembetatu hiyo iwe na mteremko wa digrii 45 na itaprintiwa yenyewe bila nguzo. Duara lililokuwa yai, kinyume chake, huwezi kulitibu kwa unene. Na usipotaja upande, fundi atachagua ule unaomaliza kazi haraka au unaotumia nguzo chache, na hana kosa.

Kuhusu ndani ya kipande, usiombe kijazwe asilimia 100 ukidhani ndiyo nguvu. Nguvu nyingi iko kwenye kuta za nje. Omba kuta 5 na ujazo wa asilimia 40. Kinakuwa kigumu cha kutosha na muda wa mashine, ambao ndio sehemu kubwa ya bei, unapungua.

Idadi nayo si namba moja. Vishikio vinne vinahitaji maandalizi yaleyale ya mashine kama kimoja, hivyo bei ya kimoja mara nne haitakuwa bei ya vinne. Omba bei ya vinne, na kando yake bei ya kipande cha majaribio. Kipande hicho kisiwe kishikio kizima. Kata pete peke yake, urefu wa milimita 12, ambayo ni kazi ya muda mfupi na plastiki kidogo. Kiprintiwe kwa uzi uleule, mashine ileile, kikiwa kimelala vilevile. Pete ya PLA haikuambii kitu kuhusu tundu la ASA. Kama karakana iko Unguja au Dar es Salaam, nunua beringi moja ya ziada uitume kwa mtu anayepanda boti. Fundi akiwa nayo mkononi ataijaribu mwenyewe, na pete haitahitaji kusafiri kuja Pemba kwanza.

Kwenye faili, tuma STEP pamoja na STL. STEP hubeba duara la kweli na hubeba vipimo; STL hubeba namba tupu zisizosema kama ni milimita au inchi, na kosa hilo hukipa kipande ukubwa mara 25.4 au kukipunguza kiasi hichohicho. Andika urefu mmoja mkubwa ndani ya barua ili fundi aukague kwa jicho. Barua yenyewe sasa iwe hivi:

> Kichwa: Ombi la bei: vishikio 4 vya beringi, ASA nyeupe
>
> Assalaam alaykum ndugu mafundi,
>
> Naomba bei ya kuprinti kishikio kilichomo katika faili `kishikio_608.step` (nimeweka na `kishikio_608.stl`). Vipimo ni milimita. Urefu wote kutoka uso wa bamba hadi mwisho wa pete ni 77.
>
> Matumizi: kinabeba beringi ya kipima upepo juu ya paa Pemba, juani na kwenye upepo wa chumvi. Mzigo hauzidi nusu kilo.
>
> Plastiki: ASA nyeupe. Kama hamna, PETG nyeupe, naomba mniambie kabla. PLA haifai.
>
> Upande: mkono ulale kitandani, mdomo wa tundu la beringi utazame juu. Nguzo zisiwekwe ndani ya tundu.
>
> Vipimo muhimu ni viwili tu. (1) Tundu la beringi: baada ya kuprintiwa liwe 22.05 hadi 22.25. Mchoro uko 22.00, sijaongeza chochote. Rekebisho nawaachia nyinyi. Beringi ya 608 iingie kwa dole gumba, bila nyundo. (2) Kutoka uso wa bamba hadi katikati ya tundu ni 60. Kosa la 0.4 si neno, lakini vishikio vinne visitofautiane kwa zaidi ya 0.2. Naomba viprintiwe pamoja kwenye kitanda kimoja.
>
> Vipimo vingine vyote viwe vya kawaida ya mashine yenu. Matundu ya skrubu ni 4.5, yakiwa madogo nitayapitisha drili mwenyewe. Alama za matabaka hazinisumbui, hakuna haja ya kusugua.
>
> Ndani: tabaka 0.2, kuta 5, ujazo 40%.
>
> Idadi: kwanza pete 1 ya majaribio (`pete_jaribio.step`), nikishakubali ndipo vishikio 4. Naomba bei ya kila kimoja kando, pamoja na siku mtakazohitaji. Naweza kuwaletea beringi moja ya kujaribia.
>
> Pete ikikubaliwa na vishikio vikatoka nje ya vipimo hivyo viwili, je, mtarudia bila malipo? Kama kuna jambo kwenye mchoro mnaona halitafaa, naomba mniambie kabla ya kuprinti.

Angalia kwamba barua hii inalegeza mengi kuliko inavyokaza. Kila kipimo unachokiacha huru ni muda ambao fundi hatautoza. Na lile swali la kurudia liulize kabla ya kulipa, kwa sababu baada ya hapo litakuwa ugomvi. Karakana ikijibu kwamba haikubali 22.05 hadi 22.25 lakini inakubali 21.9 hadi 22.3, imekujibu kwa ukweli. Chukua pete ya majaribio na uamue. Ikijibu "hakuna shida" kwa kila kitu bila kutaja plastiki wala upande, huenda barua haijasomwa.

Yapo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kama mlingoti utasimama juu ya njia ya watu au uwanja wa watoto, mtafute fundi wa chuma aje alione paa lenyewe. Plastiki ya kuprinti isiwe ndiyo pekee inayoshika kitu kinachoweza kumwangukia mtu. Fundi anaweza kukuchomea kishikio cha chuma cha pua, au angalau kukufungia waya wa usalama. Na kama kalipa huna, nenda na beringi yako kwa mtu aliye nayo kabla ya kutuma chochote. Rula haiwezi kukuonyesha tofauti ya 22.0 na 22.2.

Mzigo ukifika, usikimbilie paani. Pima tundu kwa kalipa sehemu nne kuzunguka duara. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya 0.15, kuna uwezekano kililazwa ubavu, na mistari ya matabaka kwenye pete itakuthibitishia. Ingiza beringi kwa dole gumba. Kisha vifunge vishikio viwili kwenye kipande cha mlingoti mezani, pitisha shafti ya milimita 8 kwenye beringi zote mbili na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kwa muda na kusimama taratibu, viko sawa. Ikisimama ghafla, legeza skrubu za kishikio cha juu nusu mzunguko: shafti ikifunguka, kosa liko kwenye ule umbali wa 60, na kipande chembamba cha plastiki nyuma ya bamba la kishikio kilicho kifupi kitalimaliza.